Picha 270 za majani ya viazi na laptopu ya gigabaiti 4

Mwanafunzi aliyenijia alikuwa na picha 270 kwenye simu yake. Zote ni majani ya viazi aina ya Shangi, kutoka mashamba sita: matatu Molo, mawili Mau Narok, moja Dundori. Mradi wake wa mwaka wa mwisho ulikuwa kuifundisha kompyuta itofautishe jani zima na majani yenye magonjwa mawili ya viazi: bakajani tangulia na bakajani chelewa. Laptopu yake ni ya mtumba, ina RAM ya gigabaiti 4 na haina kadi ya picha. "Mwalimu," akaniambia, "nimesoma kwamba wenzangu wanatumia picha milioni. Mimi nitoe wapi?"

Swali lake ni zuri, na jibu lake ni kwamba hizo picha milioni zimeshatumika. Kuna mkusanyiko mkubwa uitwao ImageNet, na sehemu yake iliyotumiwa kwenye mashindano maarufu ina picha zaidi ya milioni 1.2 zilizogawanywa katika makundi 1,000. Mitandao mingi ya kutambua picha imefundishwa kwa picha hizo, kwenye mashine ambazo mimi na wewe hatutazimiliki, kisha ikawekwa hadharani ili yeyote aipakue. Mmojawapo ni MobileNetV2, uliotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya simu na vifaa vidogo. Una vigezo, yaani namba za ndani zinazorekebishwa wakati wa kujifunza, kama milioni 3.5, na faili lake ni megabaiti 14 hivi, kwa hiyo hata bando la siku moja linatosha kuupakua.

Ndani ya yale makundi 1,000 hakuna jani la kiazi. Kuna aina karibu 120 za mbwa, kuna ndizi, na kuna hata viazi vya kupondwa, ila jani lenye ugonjwa halimo. Hapo ndipo wengi husita: mtandao uliozoea mbwa utajuaje bakajani?

Haujui, na hautakiwi kujua. Tunachokiazima si majina ya vitu bali jicho. Picha ikiingia kwenye mtandao wa namna hii hupita tabaka baada ya tabaka. Tabaka za mwanzo hushughulika na kingo na rangi, za katikati na mistari inayojirudia, madoa na ukwaruzo wa nyuso, na za mwisho na sehemu za vitu. Manyoya ya mbwa na madoa ya ugonjwa ni vitu tofauti, lakini uwezo wa kuona kwamba sehemu hii imekwaruza na ile ni laini, au kwamba hapa kuna duara ndani ya duara, ni uleule. Mfikirie mama aliyechambua mitumba sokoni miaka mingi, ambaye hajawahi kuuza mapazia. Mpe mapazia machache tu na atakuonyesha lililochakaa, kwa sababu mkono wake unakijua kitambaa. Mbinu hii ya kuhamisha ujuzi inategemea jambo hilo, na majani ya viazi yanaikubali vizuri kwa sababu ugonjwa wenyewe uko kwenye madoa na mpangilio wake. Bakajani tangulia huacha madoa ya kahawia yenye miviringo, mmoja ndani ya mwingine, na mara nyingi huanzia majani ya chini yaliyozeeka. Bakajani chelewa huacha mabaka meusi yanayoonekana kama yamelowa maji. Asubuhi yenye unyevu, ukiligeuza jani, utaona utando mweupe kwenye ukingo wa baka.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe.

Njia ambayo wanafunzi wengi huikimbilia ni kuchukua mtandao mzima na kuanza kuufundisha upya kwa picha zao. Kwenye laptopu ya gigabaiti 4 hiyo ni adhabu. Feni inanguruma usiku kucha, mashine inaganda, na kila ukitaka kubadilisha kitu kidogo unaanza upya. Nilimwambia aache hivyo. Mtandao mzima tunaufungia, maana yake hakuna hata kigezo kimoja ndani yake kinachobadilika. Tunakata tabaka la mwisho tu, lile linalotaja makundi 1,000, kwa sababu majina hayo hatuyahitaji. Kilichobaki, ukikipa picha moja, kinakurudishia namba 1,280. Namba hizo ni maelezo ya picha jinsi jicho lile la kuazima lilivyoiona.

Kila picha inapita mara moja tu. Namba zake 1,280 zinaandikwa kwenye faili, na baada ya hapo mtandao mkubwa unakaa kando. Piga hesabu: picha 270, kila moja namba 1,280, kila namba baiti 4. Jumla ni megabaiti 1.4 hivi, faili unaloweza kumtumia mwenzako kwa WhatsApp. Juu ya faili hilo ndipo unafundisha kipambanuzi kidogo, yaani hesabu inayotumia namba hizo kuamua picha ni ya kundi gani, kwa mfano regresheni ya lojistiki, ambacho kwa makundi matatu kina vigezo 3,843 tu vya kujifunza. Kukifundisha ni suala la sekunde, hata kwenye laptopu yake.

Kuzipitisha picha zote kulichukua muda mfupi kuliko alivyotarajia, na sehemu kubwa ya muda huo haikuwa ya mtandao. Ilikuwa ya kuzifungua picha za simu, ambazo zina pikseli milioni 12 kila moja. Ukizipunguza kwanza na kuhifadhi nakala ndogo, na ukazisoma mojamoja badala ya kuzimwaga zote kwenye kumbukumbu, gigabaiti 4 zinatosha na kubaki.

Lakini katika kupunguza huko kuna mtego. MobileNetV2 kwa kawaida hupokea mraba wa pikseli 224 kwa 224. Picha ya simu yenye upana wa pikseli 4,000 ikibanwa hadi 224, kila pikseli 18 hivi zinakuwa moja. Doa lililokuwa na upana wa pikseli 50 linabaki na pikseli tatu, na miviringo ya bakajani tangulia, ambayo ndiyo alama yake, inafutika kabisa. Picha zake nyingi zilikuwa za mmea mzima. Tulikaa tukazikata moja baada ya nyingine, jani moja lijaze fremu, na ilikuwa kazi ya mikono isiyo na njia ya mkato. Namna ya kujua kama umebana kupita kiasi ni rahisi: ifungue ile picha ndogo ya 224 na uitazame mwenyewe. Kama wewe huoni ugonjwa, usiutarajie mtandao uuone.

Kuna jambo jingine ambalo huharibu kazi kimyakimya. Kila modeli ina desturi yake ya kupokea rangi. Namba za rangi kwenye picha huanzia 0 hadi 255. Mtandao mmoja unazitaka ziwe kati ya -1 na 1, mwingine unazitaka kati ya 0 na 1 kisha zitolewe wastani fulani. Ukikosea, hakuna onyo litakalotokea kwenye skrini. Namba 1,280 zitatoka kama kawaida, ila zitakuwa zimeharibika, na kipambanuzi chako kitajifunza kwa kuchechemea. Ndiyo maana huwa nasisitiza jaribio moja kabla ya kuligusa jani lolote. Urudishe mtandao na tabaka lake la mwisho la makundi 1,000, uupe picha ya kitu unachokijua, mbwa wa jirani kwa mfano, na usome jibu. Ukisema ni mbwa wa aina fulani, hata kama aina si yenyewe, njia yako iko sawa. Ukisema ni pazia au kikombe, rudi ukakague rangi.

Baada ya hayo, matokeo ya kwanza yalimfurahisha sana. Alichukua picha zote 270, akazichanganya, akatenga 54 za kujaribia na akafundisha kwa zilizobaki. Kipambanuzi kikapata 52 kati ya 54. Alitaka kuandika ripoti jioni hiyohiyo.

Nikamwomba anionyeshe picha mbili ambazo modeli ilizikosea na kumi ilizozipata, zikiwa zimepangwa pamoja na picha za kufundishia zinazofanana nazo zaidi. Tukaona kitu ambacho namba ilikuwa imekificha. Picha ya kujaribia na picha ya kufundishia zilikuwa za jani lilelile, zimepigwa sekunde chache mbali, moja kutoka juu na nyingine kwa pembeni kidogo. Hata kipande cha kidole chake kilikuwa mahali palepale. Modeli ilikuwa inakumbuka jani, na kukumbuka jani ulilokwisha kuliona hakumsaidii mkulima wa Kuresoi ambaye hujawahi kufika kwake.

Kosa hili ni la kawaida mno kwenye miradi yenye data kidogo, na ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu linampa mwanafunzi mwaminifu namba ya uongo. Data ikiwa kidogo, picha zake huwa ni za ndugu: shamba lilelile, siku ileile, mwanga uleule. Ukizichanganya bila kujali undugu huo, jaribio lako si jaribio tena.

Dawa yake ni kugawanya kwa shamba. Shamba moja zima linawekwa kando na modeli inafundishwa kwa matano yaliyobaki, kisha inaulizwa kuhusu lile ambalo haijaliona. Halafu unarudia, la pili likae kando, la tatu, hadi yote sita yapate zamu. Kama ungekuwa unafundisha mtandao mzima, mizunguko sita ingekuwa siku kadhaa za feni kunguruma. Sisi tulikuwa na faili la megabaiti 1.4, kwa hiyo mizunguko yote sita iliisha kabla chai haijapoa. Kwangu mimi faida kubwa ya kuufungia mtandao iko hapa. Watu husifu kwamba unapata modeli kwa haraka. Mimi naona kwamba unapata nafasi ya kuijaribu kwa haki, tena na tena, bila kuihurumia mashine.

Matokeo yakashuka. Kati ya picha 270, modeli ikapata 187, yaani kama 7 katika kila 10. Shamba la Dundori ndilo lililoanguka vibaya zaidi.

Hakuvunjika moyo, akauliza swali sahihi: kwa nini Dundori? Tukafungua orodha yake ya picha. Mkulima wa Dundori hupiga dawa kwa wakati, kwa hiyo majani mengi mazima yalitoka kwake. Alikuwa amefika huko saa sita mchana, jua likiwa kali. Picha za bakajani chelewa nyingi zilitoka Mau Narok, alikokwenda alfajiri kukiwa na ukungu, maana alitaka kuupata ule utando mweupe. Mashamba mawili, udongo wa rangi mbili, mwanga wa aina mbili. Mtandao haukuwa na sababu ya kujisumbua na madoa. Palipong'aa ni pazima, palipo na kijivu ni pagonjwa.

Hilo lilikuwa dhana tu mpaka tulipolipima, na kipimo chenyewe ningependa kila mwanafunzi akijue. Chukua kila picha, kata vipande vidogo kwenye pembe zake nne mahali ambapo jani halifiki, uviunganishe viwe picha mpya. Sasa una picha za udongo, kivuli na majani ya nyuma yaliyofifia, bila jani linalohusika. Zipitishe kwenye mtandao uleule uliofungiwa, fundisha kipambanuzi kilekile, kisha uliza: hili jani ambalo huoni lina ugonjwa gani? Makundi ni matatu yenye idadi ya picha iliyo karibu sawa, kwa hiyo anayebahatisha atapata kama moja katika kila tatu. Pembe za picha zake zilipata karibu sita katika kila kumi. Udongo wa Dundori ulikuwa unatoa majibu ya mtihani.

Hili limewapata hata wenye data nyingi. Mkusanyiko wa PlantVillage una picha zaidi ya 54,000 za majani ya mazao 14, na viazi vimo: bakajani tangulia 1,000, bakajani chelewa 1,000, na majani mazima 152 tu. Majani mengi yamechumwa na kupigwa picha juu ya kitu chenye rangi moja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, mtandao uliofundishwa kwa picha hizo ulipata zaidi ya asilimia 99 kwenye picha za mkusanyiko huohuo. Ulipopewa picha zilizotoka kwingine, ukashuka hadi asilimia 31 hivi. Baadaye mtafiti mwingine alichukua pikseli nane tu za mandhari ya nyuma ya kila picha, akapata karibu asilimia 49 katika makundi 38. Mwanafunzi wangu alikuwa amepanga kuongeza picha hizo juu ya zake ili ziwe nyingi. Nilimshauri asifanye hivyo. Picha 152 za majani mazima yaliyolazwa mezani zingeongeza idadi, lakini pia zingempa mtandao njia nyingine ya kubahatisha.

Badala yake alirudi mashambani, safari hii akijua anachokitafuta. Dundori hakuhitaji majani mazima zaidi. Alihitaji machache yenye ugonjwa, na akayapata kwenye majani ya chini na kwenye mistari ya pembeni ambayo dawa haikufika vizuri. Mau Narok alienda saa sita mchana akapiga majani mazima. Akaongeza mashamba mawili mapya, moja likiwa Kuresoi. Mama mwenye shamba hilo alimtazama akilenga simu juu ya jani, akamwambia, "Mwanangu, hilo ukilitazama juu hutajua. Geuza." Alikuwa sahihi kabisa, na nitalirudia hilo hapa chini.

Picha zikafika 330 kutoka mashamba manane. Wakati wa kuzikata, tuliacha udongo kidogo iwezekanavyo. Tukarudia kila kitu, shamba moja likiwekwa kando kwa zamu, na modeli ikapata 264, yaani 8 katika kila 10. Pembe za picha mpya zikashuka hadi kama nne katika kila kumi, karibu na kubahatisha ingawa bado si kubahatisha kamili. Aliandika namba zote mbili kwenye ripoti, ya majani na ya pembe, kwa sababu ya kwanza haina maana kamili bila ya pili.

Aliniuliza pia kama sasa aufungue mtandao na kuufundisha upya sehemu ya juu, jinsi mafunzo mengi yanavyoelekeza. Inawezekana. Unafungua tabaka chache za mwisho na kuziacha zibadilike polepole sana, kwa hatua ndogo mno, la sivyo ule ujuzi wa kuazima unaharibika ndani ya mizunguko michache. Utajua umeharibika pale alama kwenye picha za kufundishia zinapopanda hadi mia kwa mia huku alama za shamba lililowekwa kando zikishuka. Lakini ukishafungua, lile faili la namba halikufai tena: kila mzunguko unazipitisha picha zote upya, na jaribio la mashamba manane linageuka mzigo. Kwa picha 330 ningesema asifungue. Siku aliyoitumia kwenda Kuresoi ilimfaa zaidi.

Kosa lililobaki ni moja, na tuliliona tulipoyapanga makosa 66 kwa aina. Majani mazima karibu hayakosewi. Makosa mengi ni kati ya bakajani tangulia na bakajani chelewa, hasa kwenye majani yaliyopigwa mchana, baka likiwa limekauka na kuwa kahawia. Jani likikauka, miviringo haionekani vizuri, na weusi ule wa kulowa umepotea. Nimeyatazama mwenyewe kwenye skrini na mengine siwezi kuyatofautisha. Kwa mkulima tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu bakajani chelewa likipata baridi na unyevu linaweza kumaliza shamba kwa siku chache, na dawa zake si zote sawa na za lile lingine.

Hapo ndipo maneno ya yule mama wa Kuresoi yanaingia kwenye hesabu. Awamu inayofuata, kila jani litapigwa picha mbili asubuhi, upande wa juu na upande wa chini. Kila picha itapita kwenye mtandao uliofungiwa na kutoa namba zake 1,280, kisha mistari miwili ya jani moja itaunganishwa kuwa mmoja wa namba 2,560. Vigezo vya kipambanuzi vitakuwa 7,683, kwa hiyo ataongeza kidogo breki ya kukizuia kukariri. Lile faili halitafika hata megabaiti 4 kwa majani 330, na laptopu yake haitahisi tofauti yoyote.